Bajeti ya kamati ya harusi: Tuhesabu walaji kabla ya kuhesabu wachangiaji

Miezi miwili baada ya walima wake, kijana mmoja wa msikiti wetu aliuza pikipiki aliyokuwa akiitegemea kwa riziki. Alipata shilingi 1,400,000, akazigawa kwa muuza nyama, mwenye maturubai na mwenye ukumbi, na bado akabakiwa na deni la laki moja. Deni lile halikuwa lake kwa asili. Lilikuwa la kamati ya harusi yake, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati hiyo. Karatasi ya bajeti niliiandika kwa mkono wangu, nikaisoma mbele ya wajumbe arobaini, nao wakaipitisha kwa takbira.

Nimeirudia karatasi ile mara nyingi. Jumla yake ilikuwa shilingi 4,800,000. Tuliigawa kwa wajumbe 40, ikatoka 120,000 kwa kila mjumbe, tukaona kazi imekwisha. Wajumbe 38 waliahidi kiwango hicho, hivyo daftari likaonesha ahadi za 4,560,000. Kwa kutegemea ahadi hizo tukakubaliana na wauzaji, tukachukua vitu kwa malipo ya baadaye. Siku ya harusi fedha zilizokuwa zimefika mkononi ni 3,420,000, yaani robo tatu ya zilizoahidiwa. Juu ya hayo wali ulipungua, tukakimbilia dukani kununua zaidi kwa shilingi 120,000 ambazo hazikuwamo katika bajeti. Matumizi yakawa 4,920,000, na pengo likawa milioni moja na nusu kamili. Wajumbe walirudi majumbani kwao. Wadai walimjua bwana harusi.

Kosa letu halikuwa katika kujumlisha, kwani jumla ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika vile tulivyovijumlisha, kisha katika kile tulichokigawa. Harusi ya mwaka huu, ya kijana mwingine wa jamaa yetu, tuliipanga kwa njia tofauti, na ndiyo ninayoieleza hapa pamoja na tarakimu zake. Bei ni zile tulizoziulizia sisi hapa Dar es Salaam, hivyo msomaji aweke za sokoni kwake.

Jambo la kwanza ni kuamua kisichoingia katika bajeti ya kamati. Mahari hayaingii. Hayo ni haki ya mke na ni dhima ya mume, kama Suratun-Nisaa ilivyobainisha katika aya yake ya nne. Ndugu akitaka kumsaidia bwana harusi katika mahari, na ampe mkononi mwake, wawili hao wamalizane. Mavazi ya bwana harusi, sanduku la bi harusi na samani za nyumba nazo tuliziacha nje. Upande wa bi harusi una kamati yake na shughuli zake, nasi hatukuyagusa. Kilichobaki kwetu ni siku moja tu: nikahi msikitini baada ya swala ya adhuhuri siku ya Jumamosi, na walima unaofuata. Mwaka uliopita tulikuwa tumechanganya yote hayo, pamoja na ukumbi wa kukodi na mapambo ambayo hadi leo sijui yalimfaidisha nani.

La pili, na hapa ndipo penye uzito, ni idadi ya walaji. Kamati nyingi huanza na swali la kiasi gani tutachangishana. Nasi tulianza na vinywa vingapi vitakula, kwa sababu karibu kila mstari mkubwa wa bajeti huzaliwa na idadi hiyo. Wajumbe walikuwa 40, lakini walaji si 40, wala si wale tu wenye kadi. Orodha ya upande wa bwana harusi ilikuwa na watu 120. Upande wa bi harusi ulituhakikishia watu 60. Kisha kuna waumini watakaokuwa wameswali adhuhuri pale pale msikitini, wasio na kadi wala mwaliko wa jina. Hawa mwaka jana tuliwasahau kabisa, na ndio sababu ya wali kupungua. Safari hii nilihesabu safu kwa Jumamosi mbili mfululizo: zilikuwa safu tatu za watu kumi na watano, yaani watu 45. Watoto tuliwakadiria 30, tukawahesabu wawili kwa sahani moja, wakawa 15. Wapishi, madereva na wafunga maturubai walikuwa 10. Jumla ikawa 250.

Mjumbe mmoja, mtu mzima wa heshima, aliuliza kwa nini asiyechangia ahesabiwe sahani. Imamu wetu alimjibu kwa upole kwamba Mtume (s.a.w.) amekitaja kwa ubaya chakula cha walima ambacho huitiwa matajiri na maskini wakaachwa, na hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Kadi ya mchango ikigeuzwa kuwa tiketi ya kuingilia, tutakuwa tumeangukia humo humo. Kwa hiyo idadi ya walaji na idadi ya wachangiaji ni hesabu mbili mbalimbali, na haifai moja kuibana nyingine.

Baada ya hapo kila mstari uliandikwa kwa sehemu tatu: idadi, bei ya kimoja, na gharama. Mstari wowote ulioletwa ukiwa na gharama tu, kama "chakula milioni mbili", ulirudishwa kwa aliyeuleta. Tarakimu ya mkupuo haiwezi kupunguzwa kwa busara, maana hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Mpishi wetu hukadiria kilo moja ya mchele kwa watu sita, na katika pilau huweka kilo ya nyama kwa kila kilo ya mchele. Watu 250 ukiwagawa kwa sita unapata kilo 42. Tukaandika 45, kwa ajili ya sahani zinazofunikwa na kupelekewa wagonjwa na wazee wasioweza kufika. Mchele kilo 45 kwa shilingi 3,000 ni 135,000. Nyama kilo 45 kwa 12,000 ni 540,000. Mafuta, vitunguu, viazi, viungo na kachumbari, baada ya mpishi kutuandikia kimoja kimoja, vilifika 230,000. Mkaa na kuni 85,000. Ujira wa mpishi na wasaidizi wake 200,000. Maji katoni 22 za chupa kumi na mbili, kwa 4,000, ni 88,000. Soda kreti 11 kwa 14,000 ni 154,000. Matunda 68,000. Jumla ya chakula na vinywaji ikawa 1,500,000, yaani shilingi 6,000 kwa kila mlaji.

Tarakimu hiyo ya 6,000 iandikwe mahali panapoonekana. Anapotokea mjumbe na kusema tuwaalike watu wengine hamsini, jibu liko tayari: ni shilingi 300,000, nani anazileta? Kabla ya hapo mjadala wa namna hiyo ulikuwa ukituchukua kikao kizima.

Mistari mingine haikuhitaji mjadala mrefu. Maturubai manne kwa 40,000 ni 160,000, viti 150 kwa 500 ni 75,000, na kukodi masufuria na masinia ni 65,000. Majamvi tulitumia ya msikiti. Kosta mbili za kuwachukua wazee na akina mama zilikuwa 150,000 kila moja, na mafuta ya gari tuliloazimwa na jirani 50,000. Ukurasa wa mwisho wa bajeti ulisomeka hivi:

Chakula na vinywaji: 1,500,000
Maturubai, viti na vyombo: 300,000
Usafiri: 350,000
Kadi 100, moja kwa kila familia, kwa 1,000: 100,000
Vipaza sauti na jenereta: 100,000
Takrima ya kikundi cha kaswida: 100,000
Mpiga picha: 150,000
Jumla ndogo: 2,600,000
Dharura, sehemu moja ya kumi: 260,000
Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu: 40,000
Jumla kuu: 2,900,000

Mstari wa dharura ulipigwa vita. Baadhi ya wajumbe waliuona kama mfuko wa siri wa mweka hazina. Tukakubaliana kwamba hautaguswa ila kwa saini mbili, ya mwenyekiti na ya mweka hazina, na kwamba hautahesabiwa kuwa akiba ya kuongezea mapambo. Kwa upande mwingine, mstari unaoitwa "mengineyo" tuliufuta. Mstari wa namna hiyo ukiwa mkubwa kuliko mingine iliyo jirani yake, ni dalili kwamba kuna kitu ambacho aliyeuandika hakutaka kukitaja, na aghalabu huwa ni chai na vitafunio vya vikao vyenyewe. Sisi tulikutana barazani kwa msikiti baada ya isha, na kila mtu alinunua kahawa yake.

Sasa tuje kwenye kiwango cha mjumbe. Bwana harusi alisema wazi kwamba anazo shilingi 500,000, naye akazikabidhi siku ile ile. Kilichobaki kutafutwa kikawa 2,400,000. Mkono wa haraka ungeandika 60,000, yaani 2,400,000 kwa wajumbe 40. Hapo ndipo tulipoanguka mwaka jana, kwa kuwa mgawanyo huo unadhania kila mmoja atatoa, atatoa zote, na atatoa kabla ya siku. Daftari letu lilikuwa limekwisha kutuonesha kwamba katika kila shilingi nne zinazoahidiwa hufika tatu. Basi ili zifike 2,400,000 inapasa ziahidiwe 3,200,000. Gawanya hizo kwa 40, unapata 80,000. Ukitaka kuliangalia kwa upande wa pili, ni kama kusema kwamba katika wajumbe 40 watatoa 30, na 2,400,000 kwa watu 30 ni 80,000 ile ile. Tofauti ya 60,000 na 80,000 ndiyo pikipiki ya yule kijana.

Lakini 80,000 ni wastani, si kodi ya kichwa. Kati yetu wamo wenye maduka Kariakoo na wamo wasukuma mikokoteni. Tulipanga makundi matatu: wajumbe 8 kwa 150,000, ambazo ni 1,200,000, wajumbe 16 kwa 80,000, ambazo ni 1,280,000, na wajumbe 16 kwa 45,000, ambazo ni 720,000. Jumla yake ni 3,200,000. Hakuna aliyetangaziwa kundi lake hadharani. Mweka hazina alimfuata kila mmoja peke yake, na aliyesema hawezi aliandikwa kile anachokiweza. Majina na viwango hayakubandikwa ukutani wala kusomwa kwa kipaza sauti, ingawa najua kuna mahali hufanywa hivyo na fedha hupatikana upesi. Alichotoa mtu kwa haya hatuna uhakika kwamba amekitoa kwa ridhaa yake.

Hapa pana suala la kifiqhi ambalo wanakamati hulipita bila kuliona. Wengi huiita ahadi ya mchango kuwa ni deni. Wanazuoni walio wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafii, wanaona kutekeleza ahadi ya kutoa ni jambo linalosisitizwa sana na kuivunja bila udhuru ni tabia mbaya, lakini hawaifanyi kuwa deni la kudaiana, kwa sababu hiba haikamiliki mpaka ikabidhiwe. Wamaliki wana kauli mashuhuri kwamba ikiwa mtu amejiingiza katika gharama kwa sababu ya ahadi yako, basi inakulazimu. Kauli hiyo ina nguvu kwa mtoa ahadi anayetaka kuipima dhamira yake. Kwa mweka hazina, hata hivyo, somo ni la Kishafii: kisichokabidhiwa si mali. Deni la muuza nyama, ilhali, ni deni kamili, lenye kuandikwa na kushuhudiwa kama aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, ilivyoamrisha. Tuliponunua kwa mkopo kwa kutegemea ahadi, tulibadilisha kitu kisicho deni kwa kitu ambacho ni deni. Kwa hiyo daftari la mwaka huu lilikuwa na safu tatu, ahadi, taslimu na salio, na maamuzi yote ya kununua yalisoma safu ya taslimu peke yake.

Fedha zilipokelewa kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kamati, si kwa simu binafsi ya mweka hazina, ambamo mchango wa harusi huchanganyika na ada ya shule ya mtoto wake. Kila aliyetoa alipewa stakabadhi yenye namba. Na tuliandika katika muhtasari wa kikao cha kwanza mambo mawili: kwamba fedha za msikiti hazitaazimwa kwa shughuli hii hata kwa usiku mmoja, kwa kuwa aliyetoa kwa ajili ya paa hakutoa kwa ajili ya pilau, na kwamba pengo halitazibwa kwa mikopo ya kausha damu, ambayo ni riba iliyo wazi.

Kama fedha hazitafika, basi ni nini kitakachopungua? Swali hili tulilijibu wiki nane kabla, wakati hakuna mwenye hamaki. Chakula, maji na kosta moja ya wazee haviguswi. Vitakavyoondoka, kwa zamu, ni mpiga picha, kosta ya pili, kisha soda. Tulikubaliana pia kwamba siku kumi na nne kabla ya harusi hesabu itafungwa, na kitakachokuja baadaye hakitabadilisha manunuzi.

Ikawa hivyo. Ahadi zilifika 3,150,000. Siku ya kufunga hesabu taslimu za wajumbe zilikuwa 1,950,000, na pamoja na 500,000 za bwana harusi zikawa 2,450,000. Tulipungukiwa 450,000. Tukaondoa mpiga picha 150,000, kosta moja 150,000 na soda 154,000, jumla 454,000. Bajeti ikashuka hadi 2,446,000, na shilingi elfu nne zikabaki juu yake. Haikuwa furaha kwa wote. Shangazi zake bwana harusi walilalamika juu ya picha mpaka siku yenyewe, na vijana wakazipiga kwa simu zao. Badala ya soda watu walikunywa maji, na mama mmoja jirani alileta ndoo mbili za juisi ya ukwaju bila kuombwa.

Ndoo zile zilinikumbusha walima wa Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bibi Safiyya (r.a.) wakirudi kutoka Khaybar, katika mwaka wa 7 wa Hijra. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba hapakuwa na mkate wala nyama. Palitandikwa ngozi, kila aliye na kitu akaleta, huyu tende, huyu samli, huyu maziwa yaliyokaushwa, vikachanganywa vikaliwa. Mchango wa walima una asili, na asili yake ni watu kuleta walicho nacho, kisha karamu ikapimwa kwa kilicholetwa.

Siku ya harusi wali ulitosha, masinia matatu yakabaki kwa majirani. Katika fungu la dharura tulitumia 185,000. Nyama ilikuwa imepanda bei wiki ile, na turubai la tano lilihitajika kwa ajili ya mvua. Baada ya harusi wajumbe wengine walileta 160,000 za ahadi zao, hivyo michango yote ikawa 2,110,000, karibu theluthi mbili tu ya zilizoahidiwa. Kadirio letu la robo tatu lilikuwa na matumaini kuliko ilivyostahiki. Kamati inayofuata nimeishauri ikadirie theluthi mbili, na kwa mahitaji kama yale yale wastani wa mjumbe utakuwa 90,000.

Salio lilikuwa 75,000 za dharura, 4,000 zilizobaki katika bajeti, na 160,000 zilizochelewa, jumla 239,000. Muhtasari wa kikao cha kwanza ulikuwa umesema kwamba kitakachozidi, kwa ridhaa ya wachangiaji, atakabidhiwa bwana harusi. Tulimwita baada ya swala ya alfajiri, siku ya nane ya ndoa yake. Alizihesabu mara mbili, akatia saini kwenye daftari, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu yeyote anayemdai. Mweka hazina alimfungulia ukurasa wa stakabadhi za wauzaji, akamwachia ausome mwenyewe.